Hekta sio heka: mwongozo kamili wa kutafsiri lebo ya dawa ya wadudu kwa vibarua wa shamba

Nianze na kosa langu mwenyewe kwa sababu ndo limenifundisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Miaka ya nyuma nilitafsiri kipeperushi cha dawa ya wadudu kwa ajili ya shamba moja la mboga hapa Dar, upande wa Kinyerezi. Lebo ilisema mtu asiingie shambani mpaka yapite masaa 12 tangu dawa ipigwe. Mimi nikaandika "Usiingie shambani saa 12 baada ya kupiga dawa". Nikasoma mara mbili, nikaona safi, nikatuma. Wiki chache baadaye nikaenda kutembea pale, nikakuta dawa imepigwa saa 3 asubuhi na watu wako ndani ya matuta wanapalilia, saa 8 mchana, mikono mitupu. Nikamuuliza mama mmoja mbona mmeingia, akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, karatasi inasema tusiingie saa 12, sisi saa 11 na nusu tunakuwa tumeshatoka."

Na ukiisoma vile yeye alivyoisoma, yuko sahihi. Saa 12 kwetu ni jua linazama. Karatasi ndo ilikuwa na makosa, na karatasi niliandika mimi.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa mtu anayepewa lebo ya Kiingereza na kuambiwa "itie Kiswahili, vibarua waielewe". Nitaenda na lebo moja tu ya mfano mwanzo mpaka mwisho, dawa ya wadudu ya maji, ile ambayo ukiimimina kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Lebo hii nimeitunga kwa ajili ya kufundishia, sio ya bidhaa yoyote, kwa hiyo usichukue namba zake ukaenda kupiga shambani kwako. Namba zake ni hizi:

```
5 EC
0.5 L/ha
200-400 L/ha
PHI 7 d
REI 24 h
```

L/ha ni lita kwa hekta, mstari wa kwanza ni wa dawa na wa pili ni wa maji. PHI ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na REI ni masaa ya kusubiri kabla ya mtu kuingia shambani. Na imesajiliwa kwa nyanya na bamia.

Kabla hujaandika neno lolote

Pata lebo yenyewe. Picha ya wasapu iliyokatwa pembeni haitoshi, na wala usifanyie kazi maneno ya muuza duka la pembejeo. Dawa hapa nchini zinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua nafasi ya taasisi ya TPRI ya Arusha, na kile kilichosajiliwa ndo kilicho kwenye lebo. Wewe mtafsiri huna mamlaka ya kuongeza dozi, kupunguza dozi, wala kuongeza zao. Unachoruhusiwa ni kugeuza hesabu iwe kwenye kipimo ambacho mtu anacho mkononi, na hiyo hesabu uionyeshe kwa bwana shamba au mtaalamu wa kilimo aithibitishe kabla haijachapwa.

Hapa kwenye zao kuna mtego wa kwanza. Lebo inataja nyanya na bamia, halafu mtafsiri kwa kutaka kufupisha anaandika "kwa mboga". Sasa mboga kwetu ni kila kinachoenda na ugali, na mkulima wa bonde la Msimbazi ukimwambia mboga anawaza mchicha, matembele, chainizi, figiri, majani yanayoliwa yote na yanayochumwa upesi. Umeshamruhusu kupiga dawa kwenye kitu ambacho hakuna aliyekithibitisha. Andika "nyanya na bamia tu", na chini yake weka mstari mwingine, "usipige kwenye mchicha, matembele wala majani mengine ya kula". Mstari wa pili haupo kwenye lebo kwa maneno hayo, lakini unasema kile kile ambacho lebo inamaanisha, na bila huo neno "tu" linapita bila mtu kuliona.

Na ile 5 EC nayo. Hiyo namba inaeleza ukali wa dawa ndani ya chupa, asilimia 5, yaani gramu 50 kwenye kila lita, na EC ni aina ya uchanganyaji wake. Haina uhusiano wowote na kiasi cha kupima. Nimeshakutana na watu wanaoamini 5 ni vijiko vitano kwa sababu ndo namba kubwa kuliko zote mbele ya chupa. Kwenye kipeperushi iache ikae pamoja na jina la dawa kule juu, isikaribie kabisa mahali penye vipimo.

Hekta na heka

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndo panaunguza mazao na watu.

Lebo inasema nusu lita kwa hekta. Hekta ni mita 100 kwa mita 100. Sasa mtaani kwetu mtu akisema "heka" anamaanisha ekari, "nina heka mbili Kisarawe", na ekari ni ndogo sana kuliko hekta, hekta moja inaingiza ekari karibu mbili na nusu. Ukitaka picha, heka ni nusu uwanja wa mpira na kidogo, hekta ni uwanja mzima ukaongeza na karibu nusu ya mwingine. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu na mtu akisoma kwa sauti kule shambani, upepo unavuma, hiyo "t" haisikiki. Kwa hiyo ukiandika "nusu lita kwa hekta" jua kabisa kuna watu watamwaga nusu lita kwenye heka, na hapo wamepiga dawa mara mbili na nusu ya ile iliyoruhusiwa.

Dawa yangu ni rahisi: neno hekta lisionekane kwenye kipeperushi cha kibarua, na heka pia isionekane. Kibarua hapigi dawa kwa hekta, anapiga kwa bomba. Namba anayoihitaji ni moja, nijaze kiasi gani cha dawa kwenye bomba langu likijaa maji. Hiyo namba haipo kwenye lebo, inabidi uitafute, na haipatikani mezani. Lazima uende shambani na bomba lenyewe.

Fanya hivi. Pima kwa kamba kipande cha mita 10 kwa mita 10. Kama matuta yenu ni ya mita 1 kwa 10 basi ni matuta kumi. Hiki kipande kinaingia mara 100 kamili kwenye hekta, ndo maana tunakitumia. Tia maji matupu kwenye bomba, pima unatia lita ngapi, kisha mwambie yule yule anayepigaga dawa kila siku, kwa mwendo wake ule ule na nozeli ile ile, apige kipande chote. Usipige wewe. Wewe mwendo wako sio wake. Akimaliza pima maji yaliyobaki.

Tuseme ametumia lita 4. Zidisha kwa 100, ni lita 400 kwa hekta, na lebo inaruhusu kuanzia 200 mpaka 400, tuko ndani. Sasa dawa: nusu lita ni mililita 500 kwa hekta, gawa kwa 100, ni mililita 5 kwa kile kipande. Maana yake mililita 5 zinaenda kwenye lita 4 za maji. Bomba lao ni la lita 16, ambazo ni lita 4 mara nne, kwa hiyo dawa ni mililita 20.

Hiyo 20 ndo namba ya kipeperushi.

Lakini ona inavyotegemea yule mpigaji. Angekuwa anatembea haraka zaidi, akatumia lita 3 kwenye kipande kile kile, zile mililita 5 zingekuwa zinaingia kwenye lita 3, na bomba la lita 16 lingehitaji karibu mililita 27. Ndo maana kipeperushi cha shamba la jirani hakifai kunakiliwa hata kama dawa ni ile ile na bomba ni lile lile. Na angetumia lita 6? Hapo ni lita 600 kwa hekta, nje ya lebo. Usianze kuhangaika na hesabu, mwambie msimamizi nozeli imechakaa au jamaa anarudia rudia mahali pamoja, warekebishe, kisha mpime upya.

Jambo jingine, shamba likiwa na mabomba mawili ya ukubwa tofauti, la lita 16 na la lita 20, tengeneza vipeperushi viwili, na kila kimoja kikae na bomba lake. Jedwali lenye safu mbili linaonekana la kitaalamu ila mtu mwenye haraka macho yanaruka safu. Nimeona mtu anashuka na kidole vizuri kabisa, halafu mwisho kidole kinahamia safu ya pembeni.

Na neno bomba lenyewe liangalie. Bomba ni la kupigia dawa, ni la maji, na ni la sindano vile vile. "Osha bomba baada ya kazi" mtu anaweza kuosha mahali pa kutekea maji, tena ndo atapaletea dawa. Andika "bomba la mgongoni" kila mara, hata kama inachosha kulirudia.

Namba zinavyoandikwa

Usiweke nukta. 0.5 L ukipeleka steshenari kutoa kopi, kopi ya kopi, nukta inapotea na inabaki 05 au 5, na hapo nusu lita imekuwa lita 5. Geuza kila kitu kiwe namba nzima kwenye mililita. Usiweke kistari kati ya namba mbili pia, andika "kuanzia 200 mpaka 400", japo kwa kibarua hata hiyo haihitajiki tena maana umeshampa namba moja. Na "ml" iandike kirefu angalau mara ya kwanza, mililita, kwa sababu ml na L kwa mtu asiyezoea ni herufi tu.

Vijiko na vifuniko usivitumie kabisa. Najua ndo tunavyopima sote, "vizibo viwili kwa bomba". Nilichukua vizibo vya chupa tatu tofauti za dawa nikavipima kwa sirinji mezani kwangu, kimoja kiliingiza mililita 7, kingine 12, kingine 20. Sasa hapo "kizibo kimoja" ni nini? Kijiko nacho cha chai sio cha chakula, na kikitoka jikoni kinarudi jikoni. Mwambie mwenye shamba anunue kikombe cha kupimia chenye mistari, au sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, aitie alama ya rangi nyekundu na ikae na dawa, isiende popote pengine. Kwenye kipeperushi chora hicho kikombe, na mstari wa 20 uukoleze.

Halafu angalia kitenzi cha maji. "Ongeza maji lita 16" na "jaza maji mpaka yafike lita 16" ni vitu viwili tofauti. Ukishasema tia maji nusu bomba, kisha dawa, kisha "ongeza maji lita 16", mtu mwaminifu atatafuta pa kuziweka lita 16 zaidi ya zile nane. Wengi watajua umekosea na watajaza tu mpaka mwisho, lakini bomba jingine mwisho wake sio mstari wa 16. Na "zimua" au "punguza makali" yaache, nilijaribu, mtu mmoja alielewa apunguze dawa kwa sababu leo wadudu sio wengi. Neno linalofanya kazi ni "changanya na maji".

Muda

Nimeshaeleza habari ya saa 12. Shida ni kwamba Kiswahili cha kitabuni kinasema "saa 12" kwa muda unaopita na "saa 12" kwa saa ya ukutani, maneno yale yale. Walimu wa lugha wananikosoa nikiandika "masaa", na mimi kwenye kipeperushi cha sumu naandika "masaa" bila aibu, kwa sababu kibarua akisikia "masaa 24" hawezi kufikiria saa ya ukutani. Hata hivyo neno peke yake halitoshi, liwekee na mfano wa siku: "Ukimaliza kupiga Jumatatu saa 2 asubuhi, mtu yeyote asiingie mpaka Jumanne saa 2 asubuhi." Hesabu inaanzia alipomaliza kupiga, sio alipoanza.

Saa nazo zigeuze. Lebo ikikataza kupiga kati ya 10:00 na 16:00, kwetu ni saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Ukiziacha 10 na 16 zilivyo, 10 inakuwa jioni na 16 haipo kabisa.

Halafu kuna zile siku 7 za kabla ya kuvuna. Sentensi inayokuja haraka kichwani ni "Usipige dawa siku 7 kabla ya kuvuna". Isome polepole. Inaweza kumaanisha siku ile moja tu, ya saba kabla ya kuvuna, usipige, lakini ya sita unaruhusiwa. Igeuze ianze na kupiga, kwa sababu ndo kinachotangulia kwenye maisha: ukishapiga dawa, subiri siku 7 zipite, ndipo uchume. Na mfano, "Umepiga Jumatatu, chuma Jumatatu ya wiki inayofuata, sio kabla."

Nimesema uchume, sijasema uvune, na ni makusudi. Nilipojaribu kipeperushi kimoja na wakulima wa bamia, nilikuta "kuvuna" kwao ni ile siku ya kumaliza shamba. Bamia wanachuma kila baada ya siku mbili, na hiyo hawaiiti kuvuna, kwa hiyo walikuwa wanapiga dawa leo, kesho kutwa wanachuma, wanauza, na wanaamini kabisa wamefuata karatasi kwa sababu "kuvuna bado". Sasa naandika yote: usichume, usivune, usiuze, usile. Na hapo ndo inajitokeza kitu ambacho mtafsiri inabidi akiseme kwa mwenye shamba mapema, kwamba bamia ikianza kuchumwa, dawa ya siku 7 ina maana ya kuacha bamia za michumo mitatu hivi zikomae ziwe ngumu. Kama hawako tayari kupoteza, dawa hii siyo ya wakati huo, watafute nyingine kwa ushauri wa mtaalamu. Wewe usiifupishe ile saba ili mambo yaende.

Maonyo

Tuna kawaida ya kuita hivi vitu "dawa", na dawa kwetu inaponya. Siwezi kuliondoa hilo neno, kibarua anasema "kupiga dawa" na ukimwandikia "kunyunyizia kiuatilifu" ataona sio habari yake. Kwa hiyo kwenye maelekezo ya kazi naandika dawa, na kwenye mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa, kwa herufi kubwa, naandika HII NI SUMU, na kwenye maonyo yote naendelea na sumu. Utepe wa rangi chini ya lebo nao uutaje, nyekundu ndo kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Watu wanaona kijani wanadhani ni ya asili na ni salama, haina maana hiyo, nayo inataka glavu.

Onyo lisianze na "inashauriwa", "epuka" wala "ni vyema". Tumia lazima na marufuku. Na ule ukanushaji wetu wa "usi" au "asi" ni silabi ndogo sana, "asitapishwe" na "atapishwe" ziko karibu mno, hasa mtu mmoja anapowasomea wenzake. Kwenye dawa hii ya EC kosa hilo ni la hatari kweli, kwa sababu ndani yake kuna mafuta kama ya taa, na mtu akitapishwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Andika "MARUFUKU kumtapisha". Maziwa pia yataje kwa jina, maana ndo kitu cha kwanza mtu atakimbilia dukani, "MARUFUKU kumpa maziwa, maziwa hayaondoi sumu".

Maneno ya vifaa nayo yabainishe. "Vaa nguo za kujikinga" mtu anavaa fulana kuukuu na ameshajikinga. Andika kitu kimoja kimoja: gambuti, suruali ikiwa nje ya gambuti ili dawa isitiririkie ndani, shati la mikono mirefu au ovaroli, glavu za mpira, miwani. Na barakoa. Hili neno tangu Korona limebadilika, mtu akisikia barakoa anatoa mfukoni ile ya kitambaa. Kitambaa kikiloa dawa kinakushikia sumu mdomoni. Kama lebo inataka kile cha kuchuja hewa andika "kipumulio chenye kichujio, sio barakoa ya kitambaa" na uweke picha.

"Usivute" nayo, imewahi kunisumbua, maana kuvuta ni sigara, ni hewa, na ni kamba au mpira wa maji. Andika "usivute sigara" na pengine "usivute hewa yenye dawa".

Hiki ndo kipeperushi cha lebo yetu ya mfano kilivyotoka, kwa bomba la lita 16 la shamba lile:

> HII NI SUMU. Watoto wasiiguse.
>
> Kwa nyanya na bamia tu. Usipige kwenye mchicha, matembele wala majani mengine ya kula.
>
> LAZIMA uvae kabla ya kufungua chupa: gambuti, suruali nje ya gambuti, shati la mikono mirefu, glavu za mpira, miwani.
>
> 1. Tia maji nusu ya bomba la mgongoni.
> 2. Pima dawa mililita 20 (ishirini) kwa kikombe chenye alama nyekundu. Mimina kwenye bomba la mgongoni.
> 3. Jaza maji mpaka yafike mstari wa lita 16. Funga, tikisa.
>
> Upepo ukikuletea dawa usoni, acha kupiga.
>
> Ukimaliza kupiga, mtu yeyote asiingie mpaka masaa 24 yapite. Ukimaliza Jumatatu saa 2 asubuhi, ingieni Jumanne saa 2 asubuhi.
>
> Subiri siku 7. Usichume, usivune, usiuze, usile. Umepiga Jumatatu, chuma Jumatatu ya wiki inayofuata.
>
> Chupa ikiisha: isuuze mara tatu, kila mara maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la mgongoni. Itoboe. MARUFUKU kuwekea maji, mafuta au chakula.
>
> Ikiingia machoni: osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15.
> Ikimwagika mwilini: vua nguo, oga kwa sabuni.
> Mtu akiinywa: MARUFUKU kumtapisha. MARUFUKU kumpa maziwa. Mpeleke hospitali sasa hivi, na chupa au lebo yake muende nayo.

Ishirini imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kama kwenye hundi, ili kopi ikififia moja ibaki. Maji ya kusuuzia chupa yanarudi kwenye bomba na yanahesabiwa ndani ya zile lita 16, kwa hiyo suuza kabla hujajaza. Na lebo kwenda hospitali nakazia kwa sababu dalili za mwanzo, kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho, mwili kulegea, zinafanana sana na malaria, na daktari asipojua ni dawa gani anaanza kutafuta upande mwingine.

Kukijaribu kabla ya kuchapa

Kwanza mpe mtu mwingine ambaye hajaona lebo airudishe kwa Kiingereza, kisha linganisha namba moja moja na kila katazo. Hapa makosa ya ukanushaji yanaonekana.

Kisha nenda shambani. Usiulize "mmeelewa?" Watakuitikia ndiyo kwa heshima hata kama hawajaelewa, hakuna mtu atakayetaka kukuvunjia karatasi yako mbele ya bosi. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa, iandike MAJI, usitumie chupa ya dawa hata iliyooshwa, halafu mpe mmoja mmoja kikombe na bomba na umwambie "nionyeshe, mama, ungefanyaje". Wengine wakae mbali wasiige. Asiyesoma asomewe na mwenzake, sio na wewe, kwa sababu siku ya kazi wewe hautakuwepo. Tazama mkono unasimama kwenye mstari upi wa kikombe. Kisha uliza kwa siku: leo ni Alhamisi, umemaliza kupiga saa 3 asubuhi, lini unaingia kupalilia, lini unachuma? Majibu ni Ijumaa saa 3 asubuhi, na Alhamisi ya wiki inayofuata. Mtu mmoja akikosea, badilisha sentensi, usimfundishe mtu, maana utamfundisha yule na wa kesho atakuja kukosea pale pale.

Mimi niliporudi Kinyerezi na karatasi mpya nilimtafuta kwanza yule mama. Nikampa mfano wa Alhamisi. Akahesabu kwa vidole, akaniambia Ijumaa saa 3, sawasawa. Halafu akaniuliza, "Na huyu anayekuja alfajiri kununua kwa tuta, yeye hajasoma karatasi, akikanyaga humo?" Sikuwa nimemuwaza kabisa. Tulichofanya ni kibao cha bati chenye fuvu jekundu na maneno mawili, SUMU, USIINGIE, na nafasi ya kuandika kwa chaki siku na saa ya kufungua, kinachomekwa kwenye njia kila dawa ikipigwa. Sasa kipeperushi kina mstari wa ziada, kabla hata ya ule wa gambuti: "Chomeka kibao njiani. Andika siku na saa ya kuingia."